Kibatani cha Quick Analysis kinanipa jumla isiyolingana na kikokotoo

"Wakuu nimeanza Excel wiki hii, nikichagua namba zangu kuna kibatani kinatokea pembeni chini, nimesikia kinatoa jumla na chati bila kujua fomula. Nimekijaribu jumla imekuja lakini nikipiga kwenye kikokotoo hazifanani, na chati ndo kabisa sielewi. Nakosea wapi?"

Mkuu hiyo ya jumla kutofanana na kikokotoo ilinitoa jasho mimi mwenyewe, kwa hiyo nakuelezea nilivyokutana nayo maana naona ndo mule mule ulipo.

Mimi nilianza kushika Excel kwa sababu ya shemeji yangu, ana duka la rejareja huku mtaani, mauzo alikuwa anaandika kwenye daftari la kauntabuku, kila Jumapili tunakaa na kikokotoo tunabishana. Nikasema ngoja niingize kwenye laptopu. Nikaweka siku kushuka chini, Jumatatu mpaka Jumamosi, halafu bidhaa tatu juu: Soda, Mkate, Unga. Yaani vichwa vimekaa mstari wa 1, namba zinaanza B2 mpaka D7. Kitu kidogo tu.

Sasa unachofanya, buruta mausi kuanzia A1 mpaka D7, vichwa na majina ya siku vikiwemo, ukiachia kinatokea hicho kibatani kwenye pembe ya chini kulia. Kisipotokea bonyeza Ctrl+Q. Kikigoma kabisa nenda File, Options, General, utaona Show Quick Analysis options on selection, weka tiki. Na kama upo kwenye kompyuta ya steshenari yenye Excel 2010 acha kuhangaika, hiki kitu kimeanza kwenye 2013.

Ukikifungua kuna Formatting, Charts, Totals, Tables, Sparklines. Wewe kwa sasa nenda Totals. Hapo watu wengi huwa hawaoni kitu kimoja, kuna Sum mbili. Ya kwanza kipicha chake kina mstari wa bluu chini, hiyo inajumlisha kwenda chini, kila bidhaa na jumla yake. Ya pili kipicha kina safu ya rangi ya machungwa upande wa kulia, hiyo inajumlisha kwenda pembeni, kila siku na jumla yake. Ya pili inajificha, mpaka ubonyeze kale kamshale ka kulia ndo uione. Usibofye haraka, pitisha mausi juu yake tu, Excel inakuonyesha kwanza matokeo kwenye shiti kabla hujakubali, ukitoa mausi yanaondoka.

Nikabofya Sum ya bluu, mstari wa 8 ukajijaza wenyewe, pembeni imeandikwa Sum. Mkate 160,000, Unga 340,000, Soda 260,000. Shemeji akaruka, soda haiwezi kuwa hiyo, yeye kwenye daftari ana 300,000. Mimi nikamwambia kompyuta haikosei bana we ndo umekosea kupiga. Tukarudia kikokotoo mara tatu, 300,000. Dah.

Kumbe Alhamisi nilikuwa nimeandika `40,000/=` kama tunavyoandika kwenye risiti. Kwetu sisi hiyo ni hela, kwa Excel hayo ni maandishi kama vile umeandika jina la mtu, na fomula ya SUM ikikutana na maandishi kwenye orodha inayaruka kimya kimya, haikwambii kitu, haiweki alama nyekundu, inakupa jumla ya zilizobaki kwa kujiamini kabisa. Ukiandika Tsh mbele ya namba inaweza kukufanyia vile vile.

Sasa unaijuaje. Cha kwanza angalia seli imeegemea wapi, namba halisi zinakaa kulia mwa seli, maandishi yanakaa kushoto, ila hii inafanya kazi kama hujagusa vile vibatani vya kupanga kushoto na katikati, mimi nilikuwa nimeweka vyote katikati ili vipendeze ndo maana sikuona. Na usitegemee kile kipembetatu cha kijani kwenye pembe ya seli, kile kinatokea kama ni namba tupu iliyohifadhiwa kama maandishi, ukishaweka /= Excel haihisi hata kwamba ulikusudia namba. Njia ninayoiamini ni hii: chagua safu moja, namba zake tu, mfano B2 mpaka B7, angalia ule mkanda wa chini kabisa wa dirisha la Excel. Ubofye kitufe cha kulia cha mausi uweke tiki kwenye Count na Numerical Count. Count inahesabu seli zote zenye kitu, Numerical Count inahesabu zenye namba tu. Yangu ilisema 6 na 5. Hapo unajua kuna moja imegoma.

Kuitibu ni rahisi, chagua namba zote, bonyeza Ctrl+H, kwenye Find what andika /= halafu Replace with acha wazi, bonyeza Replace All. Seli inarudi kuwa namba na jumla inajirekebisha pale pale, yangu ikaruka kutoka 260,000 kwenda 300,000 shemeji akiwa anaangalia, nikanyamaza. Kama unapenda ile /= ionekane (mimi naipenda, bila hiyo naona kama sio hela) chagua namba, Ctrl+1, nenda Custom, pale kwenye Type weka hii:

```
#,##0"/="
```

Hapo unaandika 40000 tupu, yenyewe inaionyesha 40,000/= na inabaki kuwa namba.

Kosa la pili ambalo huenda ndo lako, umebofya Sum, halafu baadae ukachagua tena vyote pamoja na ule mstari wa Sum, ukabofya Sum tena. Inajumlisha jumla. Soda inakuja 600,000, mara mbili kamili. Ukiona jumla ni mara mbili ya ya kikokotoo usitafute mchawi, ndo hiyo. Bofya seli ya jumla uangalie juu kwenye mstari wa fomula, inatakiwa isomeke hivi, iishie kwenye siku ya mwisho:

```
=SUM(B2:B7)
```

Na hapo ndo utaona kwamba hakuna uchawi, kibatani kinakuandikia fomula zile zile za kawaida. Ile % Total nayo iko hapo hapo, mimi ilinipa soda asilimia 37.5, mkate 20, unga 42.5 ya mauzo yote 800,000. Running Total nayo, ile ya pili yenye safu ya rangi ya machungwa, nzuri kama unataka kujua mpaka Alhamisi umefikisha ngapi.

Haya chati. Kanuni yangu ni moja, usichague mstari wa Sum. Mimi mara ya kwanza nilichagua mpaka mstari wa 8, nikapata chati yenye nguzo tatu ndefu pale mwisho na siku zote sita zimelala chini kama nyasi, maana nguzo ya 340,000 imekaa karibu na za 50,000. Chagua A1 mpaka D7 tu. Halafu ndani ya Quick Analysis nenda Charts, inakupa chache tu, au nenda Insert kisha Recommended Charts, hii ya pili naipenda zaidi kwa sababu inakuonyesha data yako mwenyewe ikiwa imeshachorwa kwa kila aina, na chini yake kuna maelezo mafupi ya aina hiyo inafaa kwa nini.

Ujue inavyopanga. Wewe una siku sita na bidhaa tatu, Excel inachukua upande wenye vitu vingi inauweka chini kwenye mhimili, kwa hiyo siku zitakaa chini na bidhaa zitakuwa rangi. Ukitaka kinyume, bofya chati, nenda Chart Design, bonyeza Switch Row/Column. Hicho kitufe kimoja kitakuokoa sana, nusu ya chati ambazo watu wanasema hazieleweki zimegeuzwa tu.

Na ile ya duara, najua utaitaka maana kila mtu anaitaka. Duara linabeba safu moja tu ya namba. Ukilazimisha kutoka All Charts kwa bidhaa tatu litakuchorea Soda peke yake, na hutajua kama zingine zimeachwa. Kama unataka duara la bidhaa, chagua vichwa B1 mpaka D1, shikilia Ctrl, kisha chagua jumla B8 mpaka D8, halafu Insert, Recommended Charts. Hapo sasa ule mstari wa Sum unafaa, kwa sababu umechukuliwa peke yake.

Kingine, kama safu yako ya kwanza sio majina ya siku ila ni miaka, mfano 2021, 2022, 2023, Excel inaweza kudhani na miaka ni mauzo ikaichora kama nguzo. Futa kile kichwa cha A1 kiwe wazi kabla ya kuchora, itaelewa kwamba hiyo safu ni majina.

Halafu shida ya kuongeza siku. Jumapili shemeji akaanza kufungua duka, nikachomeka mstari juu ya Sum. Mara nyingine fomula inajirefusha yenyewe kufika mstari mpya, mara nyingine inabaki B7, kwa hiyo lazima ubofye uangalie. Nilichoka nikafanya hivi: nikafuta mstari wa Sum, nikachagua vyote, Quick Analysis, Tables, Table. Kisha Ctrl+Shift+T inaleta mstari wa Total. Unaanza kwa kujumlisha safu ya mwisho tu, zingine bofya seli yake pale chini, kuna kamshale, chagua Sum. Tangu hapo nikiongeza siku jumla na chati vinafuata, na nikichuja siku fulani jumla inakuwa ya zile zinazoonekana tu.

Ile chati ya kwanza iliyokaa sawa ilituonyesha kitu ambacho daftari lilikuwa nacho muda wote ila hakuna aliyekiona, soda Jumamosi 74,000 wakati mkate unashuka mpaka 20,000. Shemeji akapunguza mikate ya Jumamosi.

Sasa mkuu nijibu hili, tofauti kati ya jumla ya Excel na ya kikokotoo chako ni shilingi ngapi? Chukua hiyo tofauti uitafute kwenye orodha, ukiikuta imeandikwa kwenye seli moja basi hiyo ndo iliyogoma, bofya uone umeiandikaje.