Polo ngapi, siku ngapi: kuhesabu chakula cha kuku kabla hakijakwisha

Nipo Wete, nina kuku 480 wa mayai. Stoo kuna mapolo 14 ya kilo 50. Yatanifikisha siku ngapi?

Kuku wa mayai aliyekwisha kukomaa hula baina ya gramu 110 na 130 kwa siku. Tukishika 115, kuku wako wanakula kilo 55.2 kwa siku. Ulichonacho ni kilo 700, basi ni siku 12 na kidogo, na hicho kidogo usikihesabu.

Ila 115 ni ya kukisia. Pima ya banda lako: siku nne mfululizo, asubuhi pima chakula unachokitia, kesho yake pima kilichobaki kwenye vyombo kabla ya kuongeza, utoe kwenye hesabu ya ulichotia. Jumlisha siku zote nne, ugawe kwa nne, kisha ugawe kwa idadi ya kuku walio hai. Tuseme umepata gramu 125. Hapo wanamaliza kilo 60 kwa siku, na siku zako ni 11.

Ukiona imepanda sana, tazama chini kabla ya kuwalaumu kuku. Chombo kikijazwa mpaka juu, kuku huchakura kwa mdomo na chakula kinaishia kwenye maranda. Jaza theluthi tu, na ukingo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku. Panya nao wamo kwenye hesabu hiyo hiyo.

Kipimo cha Januari usikitumie Julai. Joto la kaskazi huwapunguzia kuku hamu ya kula. Kukipoa wakati wa kusi wanakula zaidi.

Mimi nafuga wa nyama, vifaranga 300, leo wana siku 14. Wanakula kilo 15 kwa siku na nina mapolo 9. Nimegawa nikapata siku 30. Nipo sawa?

Hapana, una kama nusu ya hizo. Umegawa kwa ulaji wa leo, na kuku wa nyama habaki na ulaji wa leo. Wake hesabu yake huenda wiki kwa wiki.

Wiki ya tatu chukua wastani wa gramu 80 kwa kuku: kilo 24 kwa siku, yaani 168 kwa wiki. Wiki ya nne gramu 110: kilo 33 kwa siku, 231 kwa wiki. Hapo zimekwenda kilo 399 kati ya 450, umebakiwa na 51. Wiki ya tano wanafika gramu 140, kilo 42 kwa siku, kwa hiyo 51 ni siku moja na vipande. Jumla siku 15, na utaishiwa wakiwa na siku 29 hivi, wakati ule ule wanapoongeza nyama kwa kasi. Gramu hizi hutofautiana kwa mbegu na aina ya chakula. Ukiwa na jedwali la waliokuuzia vifaranga, tumia hilo.

Na chakula cha kuanzia kihesabu mbali na cha kumalizia. Mapolo 9 yakiwa yote ya kuanzia, hesabu ya wiki ya tano haipo kabisa.

Chakula changu kinatoka Dar kwa chombo mpaka Mkoani. Niagize yakibaki mapolo mangapi?

Usihesabu siku za safari peke yake. Anza siku unayolipa, umalizie siku polo linapoingia stoo, na uchukue mara ile mzigo ulipochelewa zaidi. Tuseme kwa kawaida ni siku 4 lakini bahari ikichafuka imewahi kufika 7. Shika 7, uongeze 2 za kuchanganya chakula kipya na cha zamani, maana kuku wa mayai akibadilishiwa ghafla hupunguza kutaga. Kwa banda linalomaliza kilo 60 kwa siku, siku 9 ni kilo 540, karibu mapolo 11. Mwenzetu wa Wete mwenye 14, kama mzigo wake unapita njia hiyo, aagize kesho kutwa.

Basi si ninunue ya miezi miwili nipumzike?

Kwa unyevu wetu, hasa masika, sishauri kupita wiki tatu au nne. Weka mapolo juu ya chaga, mbali na ukuta, na la zamani litangulie kufunguliwa. Ukitia mkono ukakuta mabonge, joto au harufu ya uvundo, hilo halimo tena kwenye hesabu. Kulianika juani hakuondoi sumukuvu, na kulichanganya na zuri ni kuisambaza. Kwa kuku 480, polo moja ulilotupa limekupunguzia karibu siku nzima, kwa hiyo siku ya kuagiza nayo iwe mapema zaidi.