Kufanana na Mkwawa hakutoshi kuandika jina lake chini ya picha

Msomaji wa Iringa amenitumia picha ya zamani ya mzee aliyeshika mkuki, akitaka nikubali kuwa ni Chifu Mkwawa. Ushahidi wake ni paji la uso: "Ni ukoo uleule kabisa, kaka." Sijakubali, na ninyi mnaokusanya picha za Uhehe msikubali kirahisi hivyo.

Sura ya ukoo hubebwa na ukoo mzima. Anayefanana na Chifu Adam Sapi, Spika wetu wa zamani, anaweza kuwa babu yake, yaani Mkwawa, au baba yake, yaani Sapi, au ndugu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Na picha mnayolinganishia nayo, ilipewa jina kwa ushahidi gani? Kama nayo ilitambuliwa kwa sura tu, mnazunguka palepale.

Anzeni na tarehe. Mkwawa alikufa Julai 1898. Nyuma ya mtu kukionekana gari, au bendera ya Mwingereza juu ya boma, mjadala umekwisha. Kisha geuzeni picha. Kama ni postikadi ya Kijerumani iliyogawanywa kwa mstari katikati, ujumbe kushoto na anwani kulia, mtindo huo ulianza 1905. Hapo muwe waangalifu: mstari unaonyesha kadi ilichapwa lini, si picha ilipigwa lini. Picha ya zamani inaweza kuchapwa upya miaka mingi baadaye, kwa hiyo mstari peke yake haumwondoi Mkwawa.

Swali zito zaidi ni nani alipata nafasi ya kumpiga picha Mkwawa. Baada ya mapigano ya Lugalo, Agosti 1891, alikuwa vitani na Wajerumani. Ngome yake ya Kalenga ilipoanguka Oktoba 1894 akaingia porini, akiwindwa hadi kufa. Anayedai picha ni yake lazima aeleze mpiga picha alimfikia lini na wapi, tena kwa albamu, barua au shajara ya wakati ule. Jina lililoandikwa nyuma kwa kalamu ya bolipeni ni la miaka mingi baadaye. Linatuambia mwandishi aliamini nini, basi.

Hata fuvu lililorudishwa Kalenga 1954 kama la Mkwawa lilichaguliwa kati ya mengi huko Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya ndugu zake, pamoja na tundu la risasi. Vipimo hivyo vinaweza kumfaa Mhehe mwingine, ndiyo maana wapo watafiti wanaoendelea kuuliza.

Ushahidi ukikosekana, andikeni hivi: "Mwanamume asiyetambuliwa, familia inasema ni Mkwawa, nyuma hakuna maandishi." Mkienda kwa bibi aliyeitunza picha, msitaje jina kwanza. Mpeni picha, mwulizeni ni nani, aliambiwa na nani, na ilimfikia kwa mkono wa nani. Ukishamtajia Mkwawa, jibu lake halina uzito tena.