Kundi la 20–24 halina kati yake kwenye 22

Wewe unayeanza kazi ya takwimu hapa Mombasa, jedwali la kwanza utakalopewa huenda likawa la umri, na huenda likaja limeshagawanywa makundi, hojaji zenyewe ziko kwingine. Chukua mfano huu niliotunga wa madereva 50 wa tuktuk kwenye steji za Likoni na Kongowea:

20–24: madereva 8
25–29: madereva 14
30–34: madereva 16
35–39: madereva 8
40–44: madereva 4

Umri wa kila mmoja huujui tena, kwa hiyo unamhesabu kila dereva kana kwamba yuko katikati ya kundi lake. Ukijumlisha 20 na 24 ukagawa kwa mbili utapata 22, na wengi huanzia hapo. Lakini mtu aliyebakisha mwezi mmoja atimize 25 bado atakwambia ana 24. Umri husemwa kwa miaka iliyotimia, kwa hiyo kundi hilo linaanza 20 kamili na kufika mpaka ukingoni mwa 25. Kati yake ni 22.5. Zinazofuata ni 27.5, 32.5, 37.5 na 42.5. Lau ingekuwa idadi ya safari kwa siku, 22 ingekuwa sawa, maana hakuna nusu safari. Kwa hiyo kabla ya kushika kalkuleta, uliza kwanza kilichopimwa ni kitu gani na kilikatwaje.

Sasa zidisha kila kati kwa idadi ya madereva wake: 180, 385, 520, 300, 170. Jumla ni 1555. Gawa kwa 50, wastani ni miaka 31.1. Anayegawa kwa 5, yaani idadi ya makundi, atapata dereva wa miaka 311, na kosa hilo angalau hujianika lenyewe.

Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi umri ulivyotawanyika kuuzunguka wastani, unachosha kwa mkono kwa sababu ya desimali. Mimi hupita njia ya mkato. Kundi la 30–34 liite 0, yaliyo chini yake yawe -1 na -2, ya juu yawe 1 na 2. Zidisha kila alama kwa idadi: -16, -14, 0, 8, 8. Jumla ni -14, ambayo kwa watu 50 ni -0.28. Kisha zidisha alama zilizopigwa kipeo cha pili kwa idadi zilezile: 32, 14, 0, 8, 16. Jumla ni 70, na kwa watu 50 ni 1.4. Toa kipeo cha pili cha 0.28, yaani 0.0784, ubaki na 1.3216. Kipeuo chake ni karibu 1.15, zidisha kwa upana wa kundi, miaka 5, upate kama miaka 5.75. Ikiwa hao 50 ni sampuli tu ya madereva wengi zaidi, zidisha 1.3216 kwa 50 na ugawe kwa 49 kabla ya kutafuta kipeuo, na jibu linapanda hadi 5.81.

Angalia kwamba 22 au 22.5 haikuonekana popote katika hesabu hiyo ya pili. Ukikosea kati kwa nusu mwaka, wastani unashuka hadi 30.6, ila mkengeuko haubadiliki hata kidogo, kwa kuwa makundi yote yamesogea pamoja. Ndiyo sababu mkengeuko uliotoka sawa hauwezi kukuthibitishia kwamba wastani nao uko sawa.

Kinachouvuruga mkengeuko ni kundi lisilo na mwisho. Tuseme mstari wa chini ungeandikwa “40 na zaidi”. Mmoja ofisini atafunga kwa 44 na kutumia 42.5, mwingine, akiwafikiria wazee wa steji, ataweka 50. Kwa 50, wastani unapanda hadi 31.7 tu, lakini mkengeuko unaruka kutoka 5.75 hadi 7.13. Ni watu wanne tu kati ya 50, ila umbali wao kutoka kwenye wastani unapigwa kipeo cha pili, ndiyo maana wanavuta kwa nguvu hivyo.

Ukikutana na jedwali la aina hiyo, waombe waliokusanya data wakupe umri mkubwa kabisa waliouandika. Wasipokuwa nao, andika wazi namba uliyoiweka, au utoe mediani badala ya wastani. Ukiwapanga wote 50 kwa umri, dereva wa 25 kwenye mstari yumo katika kundi la 30–34, na chini ya kundi hilo wako 22. Kwa hiyo ni 30 ukiongeza 3/16 ya miaka 5, karibu 30.9, na mstari wa mwisho hukuugusa.