Nusu mshahara miaka ya mwisho: je, pensheni itaanguka?

*Nina miaka 45, fundi wa mitambo kiwanda cha sukari, NSSF nina michango ya miezi 96. Mwajiri anataka nikifika 55 nifanye kazi nusu muda kwa nusu mshahara, nifundishe vijana hadi 60. Wenzangu wanasema nikikubali nimejimaliza, kwa sababu mafao hupigwa kwa mshahara wa mwisho. Nifanyeje?*

Ndugu, huo mshahara wa mwisho ndio uvumi unaonichosha kuliko wote. Kikokotoo hakiutazami. Kinachukua wastani wa miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi ndani ya kumi ya mwisho, kinazidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, kisha kinagawa kwa 580.

Tuchukulie mshahara wako ni 1,200,000 na haupandi. Ukistaafu 60, miaka yako kumi inaanzia 50, kwa hiyo miaka mitano ya mshahara kamili imo ndani. Miezi itakuwa 276, na pensheni kamili kama 571,000 kwa mwezi. Ukishatoa asilimia 35 inayolipwa kwa mkupuo, unabaki na takriban 371,000 kila mwezi. Nusu mshahara haijaigusa.

Cha kukuumiza ni mkataba. Baadhi ya waajiri wakisema nusu muda wana maana ya kukugeuza "mshauri" unayelipwa kwa ankara, bila michango. Hapo miezi inasimama kwenye 216, na ile 371,000 ya kila mwezi inashuka hadi kama 290,000. Dai ubaki mwajiriwa, michango iendelee kukatwa, na iandikwe kabla hujafika 55. Usithubutu kuondoka 50 ukawe mkandarasi: utakuwa na miezi 156, na bila 180 pensheni ya mwezi hakuna.

Kufundisha usikungojee 55. Kila kiwanda kikifungwa kwa ukarabati, mwachie kijana mmoja afungue kinu mwenyewe, wewe usimame pembeni. Beringi inayoanza kufa ina mlio wake, na mlio hauandikiki kwenye daftari. Andika yanayoandikika: kipuri gani kilibadilishwa, lini, na kwa nini kilikufa. Wanaoficha ujuzi ili wang'ang'anie mshahara kamili hadi siku ya mwisho wanalinda kitu ambacho kikokotoo hakikihesabu.

Vivyo hivyo wanaohonga wapandishwe cheo mwaka wa mwisho. Ukipanda hadi 1,500,000 kwa mwaka mmoja tu, wastani unakuwa 1,300,000. Na vishoka wanaojipanga nje ya ofisi za mifuko wakiahidi "kukutolea hela mapema" au "kukurekebishia miezi" hawana fomula nyingine. Wanachukua asilimia yao, wewe unabaki bila michango na bila miezi. Kama kuna miezi imeruka, omba taarifa ya michango leo, uilinganishe na hati zako za mshahara, na umbane mwajiri sasa hivi wakati mhasibu aliyekata hizo pesa bado yupo ofisini.