Maswali na Majibu: Kutafsiri masharti ya mgodi kwa Kimongolia

Sharti linasema vumbi lisizidi 100. Mwenzangu kaandika «100-аас бага». Nimpitishie?

Usimpitishie. «Бага» ni chini ya 100, kwa hiyo kipimo kikisoma 100 kamili mgodi tayari umevunja sharti, wakati asili inauruhusu. Andika «-аас ихгүй» au «-аас хэтрэхгүй», yaani isizidi. Kiwango chenyewe si cha kubuni: kiwango cha taifa cha Mongolia MNS 4585:2016 kinaweka PM10, yaani chembe ndogo za vumbi, kwa wastani wa saa 24 kwenye maikrogramu 100 kwa mita ya ujazo.

Upande wa pili ni pale sharti linapotaka hatua zichukuliwe «kuanzia 100». Hapo «дээш», kwenda juu, peke yake italeta ubishi, maana wengine huihesabu 100 yenyewe na wengine huiacha, kama sisi tunavyobishana juu ya «hadi Ijumaa». Sheria za Mongolia hukata ubishi kwa kuandika «100, түүнээс дээш», yaani 100 na zaidi ya hapo.

Kisha soma kipimo herufi kwa herufi. «Мкг» ni maikrogramu, «мг» ni miligramu. Ikidondoka к moja, umeruhusu vumbi mara 1,000, na hakuna kikagua tahajia kitakachokuonya.

Kampuni inatakiwa «kufuatilia» maji ya visima kila mwezi. «Хяналт» inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwenye tarakimu. «Хяналт» hubeba pia ukaguzi wa serikali. Msomaji wa ofisi ya wilaya, «сум» kama wanavyoiita, anaweza kuelewa kwamba mkaguzi ndiye atakayekuja kupima. Kimongolia nacho huacha mtenda bila aibu yoyote, kwa hiyo sentensi inaweza kuwa safi kabisa na isimtaje mwenye wajibu.

Mtaje: «тусгай зөвшөөрөл эзэмшигч», mwenye leseni. Kisha vunja kitendo vipande vyake: achukue sampuli kutoka kisima gani, mara ngapi, na nani apime. Kwenye kupima, tazama kitenzi. «Шинжилнэ» ni atapima mwenyewe. «Шинжлүүлнэ» ni atapimisha, yaani atapeleka kwa mwingine. Sharti likidai maabara iliyoidhinishwa, ile -үүл- ya katikati ndiyo inayobeba sharti lote, sawa na -ish- yetu. Wajibu wenyewe ufunge kwa -на au -нэ, umbo ambalo sheria zao hulitumia kuamuru, au kwa «үүрэгтэй», ana wajibu. «Ёстой» iache, inasikika kama «inapaswa», na mwanasheria mjanja ataibana hapo hapo.

Ripoti ya robo mwaka itolewe ndani ya siku 15 baada ya robo kuisha. Siku zipi hizo?

Asili isiposema, usiamue wewe, uliza aliyeandika. Chukua robo ya pili, inayoisha tarehe 30 Juni. Siku 15 za kalenda zinaangukia 15 Julai. Lakini Naadam, sikukuu ya taifa, huanza 11 Julai na ofisi hufungwa siku kadhaa. Ukiandika «ажлын өдөр», siku za kazi, ruka sikukuu na wikendi, na tarehe ya mwisho inasogea hadi wiki ya nne ya Julai. Maneno mawili, tofauti ya zaidi ya wiki nzima.

Ukishajibiwa kuwa ni siku za kalenda, andika «хуанлийн 15 өдөр». Sharti la kuripoti ajali likitaja saa 72, ziache ziwe «72 цаг». Usizigeuze siku tatu, kwani ajali ya Ijumaa saa nne usiku na ile ya asubuhi ya siku hiyo hiyo hazina mwisho mmoja.

Viambishi vya tarehe vina maana gani? Si mapambo tu?

Kwangu ni kengele. Kiambishi hufuata jinsi namba inavyotamkwa: tarehe 10 huandikwa «10-ны», tarehe 9 ni «9-ний». Mwaka mmoja nilikuwa nahariri kiambatisho cha masharti pamoja na mtafsiri Mmongolia. Akanyamaza, akaweka kidole kwenye «9-ны өдрийн дотор», kufikia tarehe 9, na kusema hakuna Mmongolia anayeandika hivyo. Tukafungua rasimu ya zamani: ilikuwa 10. Mtu upande wa mteja alikuwa amebadili tarakimu na kuacha mkia wake, na jedwali la ripoti ukurasa wa nyuma bado lilisema 10. Tukarudisha swali kwa mteja, ikabidi asahihishe pia nakala ya Kiingereza.