Filamu na mgonjwa wa akili: nilichojifunza kwa kaka yangu

"Wadau, jana nimeangalia A Beautiful Mind, nikalia kabisa. Mwenzangu mwenye ndugu mgonjwa wa akili akaniambia ile filamu imejaa uongo na inawapotosha watu. Sasa tutajuaje kama filamu imewatendea haki wagonjwa na walemavu?"

Mkuu, mwenzako hajakosea kuhusu uongo, ila uongo wa filamu hauna uzito mmoja. Kaka yangu mkubwa ana skizofrenia tangu akiwa na miaka ishirini na miwili, na hiyo filamu tumeishi nayo nyumbani kwetu, kwa hiyo nitajibu kwa hiyo hiyo.

Tuanze na lile linalosemwa sana. Kwenye filamu, John Nash, mwanahisabati Mmarekani ambaye ndiye inayemhusu, anaona watu wasiokuwepo: rafiki wa chuoni, mtoto wa kike, bwana wa usalama. Nash halisi hakuwa hivyo. Yeye alisikia sauti, na kabla ya sauti aliamini kwamba magazeti yana ujumbe wa siri uliomlenga yeye. Kwa wagonjwa wengi wa skizofrenia sauti ndizo zinazotawala kuliko maono. Kaka alipotazama mara ya kwanza aliniambia, "Mimi sioni mtu, nasikia tu." Hata hivyo hakukasirika, na mimi nikaja kuelewa kwa nini. Filamu ni macho. Mwongozaji, Ron Howard, alitaka mtazamaji adanganyike pamoja na Nash, amzoee yule rafiki kwa muda mrefu, halafu aambiwe hayupo. Kile kizunguzungu unachopata pale ndicho kaka anachokiita "kunyang'anywa mtu uliyemjua". Umbo la dalili limebadilishwa, lakini hali ya kuishi nayo imebaki. Uongo wa namna hiyo mimi nausamehe.

Sasa kuna mambo mawili ambayo yalitugusa vibaya.

La kwanza ni dawa. Mzee Nash wa kwenye filamu anasema anatumia dawa mpya. Nash halisi aliacha dawa mwaka 1970 na hakuzirudia, na alisema waziwazi kwamba sentensi ile si ya kweli. Mwenyewe alidhani iliwekwa kwa kuhofia wagonjwa wasije wakaacha dawa zao. Yaani hapa filamu ilidanganya kwa kuwalinda wagonjwa. Lakini sikiliza yaliyotokea kwetu. Tuliitazama sebuleni, Kiingereza bila maandishi chini, na mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria mama. Ile sentensi ni fupi na iko karibu na mwisho, ikanipita. Kilichobaki kichwani mwa mama ni picha: Nash anaficha vidonge, anakataa kurudi hospitali, anaamua kuwapuuza wale watu wasiokuwepo kwa akili yake mwenyewe, anapewa Nobeli. Kaka naye alikuwa amechoka na dawa yake ya haloperidoli, shingo inakakamaa, mikono inatetemeka. Akaacha, na mama hakumzuia. Mwezi wa pili akawa halali, redio tukaifunika kitambaa kwa sababu alisikia jina lake kwenye taarifa ya habari. Ilituchukua karibu mwaka kumrudisha alipokuwa.

Simlaumu mtu kwa hilo, kosa lilikuwa letu. Ila tangu hapo nikitazama filamu ya aina hii nauliza: mtu ambaye hakusikia maneno, aliyeona picha tu, ataondoka anaamini nini kuhusu kupona? Maana hadithi hukaa kwenye picha, na sentensi moja ya tahadhari haiwezi kushindana na saa mbili za shujaa anayeshinda kwa nia. Kupata nafuu kama kwa Nash, polepole, miaka mingi, bila dawa, kupo. Lakini wapo wengi ambao wakiacha wanarudi chini, na hakuna anayeweza kukuambia mapema wewe ni wa kundi gani.

La pili ni mke, na hili watu hawalizungumzi vya kutosha. Kwenye filamu Alicia anavumilia mwanzo hadi mwisho, na pale Stokholm mume anamshukuru kwa hotuba. Hotuba ile haikuwepo. Na Alicia halisi walitalikiana naye mwaka 1963. Mwaka 1970 alimpokea tena nyumbani kwake, akamtunza kwa mshahara wake wa kazi ya kompyuta, na wakaoana upya mwaka 2001. Mtoto wao naye akaja kuugua skizofrenia. Kwangu hii hadithi halisi ni kubwa kuliko ya kwenye filamu. Mwanamke alifika mahali akashindwa, akatoka, kisha akapata namna nyingine ya kusaidia ambayo aliiweza. Shemeji yangu aliondoka na watoto baada ya miaka minne. Ukoo ukamsema sana, na kuna shangazi aliyetumia filamu ile ile kama ushahidi kwamba "mke wa kweli hakimbii". Filamu ikifuta uchovu wa anayetunza, mzigo wanaubeba kina shemeji.

Upande mwingine wa mizani, kuna haki yake. Mimi huwa nafanya jaribio moja: nautoa ugonjwa kwenye hadithi, naangalia mhusika anabaki na nini. Katika filamu nyingi tunazoziona, za kwetu na za nje, ukimtoa kichaa ukichaa wake hakuna mtu anayebaki. Ni mtu wa matambara anayepita barabarani kuchekesha, au adhabu ya aliyedhulumu mali ya wenzake. Nash ukimwondolea ugonjwa bado ana majivuno, wivu wa kazi, hesabu zake, na namna yake mbovu ya kutongoza. Pia hawakumfanya jitu la kutisha. Pale mtoto anapokaribia kuzama bafuni, hatari inatoka kwenye kuamini kwamba kuna mtu mwingine anamwangalia mtoto, wala hakuna ubaya moyoni. Na waliziheshimu dawa kiasi cha kuonyesha bei yake: mume hawezi kumgusa mke, hawezi kufikiri. Kaka alisema hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo daktari wake angepaswa kuiona.

Umegusa pia walemavu. Huko swali la nani anaigiza lina uzito zaidi, kwa sababu linaonekana hadi kwenye vidole. Filamu ya Kifaransa ya mwaka 2014, La Famille Bélier, iliwapa wazazi viziwi waigizaji wanaosikia, na viziwi wakalalamika. Ilipotengenezwa upya kama CODA, mwaka 2021, wakawekwa viziwi wenyewe, na mmoja wao, Troy Kotsur, akachukua Oskari. Lugha ya alama ina wenyewe, na anayeijifunza miezi michache anaonekana mara moja. Kwa skizofrenia sidai mwigizaji awe mgonjwa. Nadai wagonjwa wawe wamesikilizwa kabla ya kamera kuwashwa.

Kuna onyesho moja ambalo kaka hulirudia. Nash mzee anatoka darasani, mtu asiyemfahamu anamsemesha. Kabla ya kujibu anamgeukia mwanafunzi na kumuuliza kama naye anamwona mtu huyo. Akihakikishiwa, ndipo anaongea. Nyumbani kwetu imekuwa hivyo. Usiku kaka akiwa hana hakika ananigongea mlango, anauliza, "Umesikia?" Nami najibu kweli ninavyosikia. "Sijasikia kitu, kaka." Basi, anarudi kulala.