Mwekevu na bahili

"Mwekevu na bahili si mtu yule yule? Tofauti iko wapi?"

Mfikirie mkulima wa Chake Chake ambaye, baada ya kuuza karafuu zake, huweka fedha na kununua dagaa badala ya nguo mpya: mama yake atamwita mwekevu, na shemeji aliyetaraji zawadi atamwita bahili, ilhali kitendo ni kile kile. Ndugu aliyetangulia kujibu, aliyesema kuwa tofauti iko katika sauti ya msemaji tu, amepatia nusu, kwani hukumu haitokani na sauti hiyo pekee, bali imo pia ndani ya neno lenyewe. Hata ukisema kwa upole "namsifu kwa ubahili wake", wasikilizaji watasikia kejeli. Hata hivyo, bahili hunyima hata panapostahiki kutoa, kwa hiyo huenda maana zenyewe nazo hazilingani kikamilifu.